Kumthibitisha Mfanyakazi Baada ya Muda wa Majaribio: Mwongozo Kamili kwa Mwajiri wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwajiri mdogo wa Zanzibar: mwenye duka la jumla, mwenye nyumba ya wageni, mwenye karakana au skuli binafsi, ambaye hana idara ya utumishi na mambo yote ya wafanyakazi huyasimamia yeye mwenyewe au meneja wake. Unahusu jambo moja, nalo ni namna ya kumwambia mfanyakazi aliyefanya vizuri kwamba muda wake wa majaribio umekwisha na kwamba sasa ameajiriwa kwa masharti ya kudumu. Watumishi wa Serikali wana taratibu zao chini ya sheria ya utumishi wa umma, na hao sitawagusa.

Waajiri wengi huona kwamba habari njema haihitaji utaratibu, kwa hiyo mfanyakazi mbaya huandikiwa barua tatu na mfanyakazi mzuri haandikiwi hata moja. Mimi mwenyewe, katika kazi yangu ya mwanzo ya ofisini, niliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu na nikakaa miezi minane bila ya kuambiwa neno. Kila nilipouliza nilijibiwa, "Wewe si upo tu, una wasiwasi gani?" Siku niliyokwenda benki kuomba mkopo wa kumalizia nyumba, karani alinitaka nimpe barua ya kuthibitishwa kazini. Sikuwa nayo, na mkopo ukasimama pale. Tangu hapo nimeandika barua hizi kwa miaka mingi kwa niaba ya waajiri mbalimbali, na karibu kila tatizo nililoliona lilitokana na mambo mawili: tarehe iliyoachwa ikapita, au barua iliyoandikwa bila ya kuusoma mkataba.

Ili maelezo yasielee hewani, nitafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuchukue duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Chake Chake, lenye wafanyakazi kumi na mmoja. Mtunza stoo wake, tumwite Bi Fulani, ameanza kazi siku ya Jumatatu, tarehe 13 Oktoba 2025, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mkataba unasema kwamba mshahara wake ni shilingi 420,000 kwa mwezi katika muda wa majaribio, na shilingi 470,000 kuanzia siku atakayothibitishwa.

Hatua ya kwanza: usome mkataba kabla ya kusema lolote

Toa mkataba kwenye faili na utafute mambo matatu. La kwanza ni urefu wa majaribio na namna ulivyoandikwa. La pili ni yale yanayobadilika baada ya majaribio, kama vile mshahara, posho, likizo na muda wa notisi. La tatu, ambalo ndilo linalosahauliwa zaidi, ni aina ya mkataba wenyewe. Mkataba usio na tarehe ya mwisho ndio unaoitwa wa kudumu. Mkataba wa mwaka mmoja au miwili unabaki kuwa wa muda maalumu hata baada ya majaribio kwisha, na mfanyakazi aliyethibitishwa ndani yake amethibitishwa kwa muda uliobaki tu. Ukimwandikia mtu mwenye mkataba wa mwaka mmoja kwamba "umethibitishwa katika ajira ya kudumu", umempa kwa maandishi kitu ambacho huenda hukukusudia kumpa, na ukija kumwambia baadaye kwamba mwaka umekwisha, atakuonesha barua yako. Kama umekusudia kweli kumfanya wa kudumu, sema hivyo wazi katika barua na ueleze kwamba kifungu cha muda katika mkataba wa mwanzo kimebadilishwa, kisha nyote wawili mtie saini mabadiliko hayo.

Hapa pana tahadhari inayotuhusu sisi wa Visiwani. Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, ikienda sambamba na Sheria ya Mahusiano Kazini, Namba 1 ya mwaka huohuo. Barua na mikataba ya mfano inayozunguka kwenye simu zetu, kwa sehemu kubwa, imeandikwa kwa ajili ya Tanzania Bara na inataja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, ambayo haitumiki kwetu. Utaitambua kwa haraka: inataja NSSF badala ya ZSSF, na inampeleka mwenye malalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha Bara. Nimewahi kukabidhiwa mkataba wa hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja ambao tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho haukutaja hata sheria moja ya Zanzibar. Ukiona hivyo, usiendelee kunakili. Ukiwa na shaka juu ya kifungu chochote, hasa juu ya urefu wa majaribio, waulize maofisa wa Kamisheni ya Kazi kabla ya kuandika.

Hatua ya pili: hesabu tarehe kwa kidole

Miezi mitatu kuanzia tarehe 13 Oktoba haimaliziki tarehe 13 Januari. Mwezi wa kwanza ni kuanzia tarehe 13 Oktoba hadi 12 Novemba, wa pili unakwisha tarehe 12 Disemba, na wa tatu unakwisha tarehe 12 Januari 2026. Siku ya mwisho ya majaribio ni tarehe 12, na kuthibitishwa kunaanza tarehe 13. Mkataba ungekuwa umeandika "siku 90" badala ya "miezi mitatu", hesabu ingekuwa nyengine: siku 19 za Oktoba, 30 za Novemba na 31 za Disemba ni 80, kwa hiyo siku ya tisini ingekuwa tarehe 10 Januari. Tofauti ya siku mbili inaonekana ndogo mpaka siku utakapotaka kurefusha majaribio, ukaambiwa kwamba yalikwisha juzi.

Baada ya kuipata tarehe, itazame kwenye kalenda yetu. Tarehe 12 Januari ni Siku ya Mapinduzi, na ofisi zimefungwa. Katika mfano huu inaangukia Jumatatu, na siku iliyotangulia ni Jumapili. Jumamosi ya tarehe 10 duka huwa limejaa wateja. Ijumaa ya tarehe 9 watu wanajitayarisha kwa sala tangu saa tano, na si adabu kumketisha mtu kwa mazungumzo ya maana huku anaangalia saa. Siku nzuri, basi, ni Alkhamisi ya tarehe 8 Januari, asubuhi, kabla ya magari ya mzigo kuanza kuingia kutoka bandari ya Mkoani.

Kutoka hapo rudi nyuma. Barua iwe imeandikwa na kusomwa tena ifikapo Jumatatu ya tarehe 5. Uamuzi wenyewe uwe umeshafikiwa kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu wiki ya Krismasi na mwaka mpya hukatwa na sikukuu, na aliyeahirisha hadi wakati huo atajikuta tarehe 13 hajafanya lolote. Tathmini basi ifanyike katika wiki inayoanza tarehe 15 Disemba. Yaandike haya kwenye kalenda ya ukutani siku ileile mfanyakazi anapoanza kazi. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi, kwani katika miezi mitatu ya biashara mtu husahau hata alichokula jana.

Hatua ya tatu: ufikie uamuzi kwa kazi iliyoonekana

Tathmini ya mtu mmoja katika duka dogo haihitaji fomu ya kurasa sita. Inahitaji karatasi moja yenye mambo manne au matano ambayo kazi hiyo inasimama juu yake, na mbele ya kila moja tukio uliloliona. Kwa mtunza stoo mambo hayo ni usahihi wa hesabu ya mali, upokeaji wa mzigo, uandishi wa kadi na vitabu, mahudhurio, na namna anavyopatana na wauzaji wa mbele.

Tuseme tarehe 16 Disemba meneja anaingia stoo na Bi Fulani na kuhesabu saruji. Kadi ya stoo inasema mifuko 240. Wanahesabu pamoja, mrundo kwa mrundo, wanapata 238. Mwanzoni hilo linaonekana ni kosa, lakini Bi Fulani anafungua daftari la mali iliyoharibika na kuonesha mstari wa tarehe 11: mifuko miwili ilipasuka wakati wa kushushwa, saini ya msimamizi wa upakuzi ipo pembeni, na mifuko yenyewe bado imewekwa kando, imefunikwa turubai. Kilichobaki ni kwamba hakuipunguza kwenye kadi. Meneja mwenye macho anaandika yote mawili: kwamba mali haikupotea na maelezo yapo, na kwamba kadi lazima ipunguzwe siku ileile mali inapoharibika. Pia anakumbuka mzigo wa Novemba, ambapo hati ilisema mabati 300 na Bi Fulani akahesabu 297, akaandika upungufu juu ya hati na kumtaka dereva atie saini kabla gari haijaondoka. Mabati matatu yalirudishwa na muuzaji katika mzigo uliofuata. Mistari miwili kama hii ina uzito kuliko maneno "ni mfanyakazi mzuri na mwaminifu", ambayo yanaweza kuandikiwa mtu yeyote.

Onesha karatasi hiyo kwa mfanyakazi kabla hujaamua, na umpe nafasi ya kuongeza lake. Kama kuna upungufu, aujue sasa wakati bado zipo wiki tatu, asije akausikia siku ya barua. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mara nyingi mwajiri akiweka lawama zote kwenye barua ya kuthibitisha, na mfanyakazi akatoka ofisini hajui kama amepandishwa au ameonywa.

Ikiwa una shaka ya kweli na unataka kurefusha majaribio, hilo hufanywa kabla ya tarehe ya mwisho, kwa maandishi, kwa sababu iliyotajwa na kwa tarehe mpya ya mwisho, na kwa kuzingatia mkataba unaruhusu nini. Kumwambia mtu tarehe 20 Januari kwamba "bado tunakuangalia", wakati majaribio yalikwisha tarehe 12 na ameendelea kufanya kazi na kulipwa, ni kumwekea kikwazo ambacho huenda huna haki nacho tena, na lau shauri litafika mbele ya msuluhishi, kimya chako huenda kikasomwa kuwa ni kumkubali.

Hatua ya nne: andika barua

Barua ya kuthibitisha kazini ni fupi. Ina kazi ya kujibu maswali matano: nani, kazi gani, kuanzia tarehe ngapi, kwa masharti gani, na nini hakikubadilika. Hili la mwisho ndilo watu wanaloliacha. Bila ya mstari unaosema kwamba utumishi unahesabiwa tangu siku ya kwanza ya kuanza kazi, mtu anaweza kuja kudai, baada ya miaka, kwamba Bi Fulani aliajiriwa tarehe 13 Januari 2026 na kwamba ile miezi mitatu haimo katika likizo yake wala katika malipo yake ya kuondoka. Kuthibitishwa si kuajiriwa upya. Ni ajira ileile, iliyoanza tarehe 13 Oktoba, ambayo sasa imeondolewa sharti la majaribio.

Hii ni barua ya mfano wetu, kama ningeiandika mimi:

"Kumb. Namba: WF/07/2026
Tarehe: 8 Januari 2026

Bi Fulani binti Fulani,
Mtunza Stoo,
Chake Chake, Pemba.

YAH: KUTHIBITISHWA KAZINI

Tafadhali rejea mada iliyotajwa hapo juu pamoja na mkataba wako wa ajira uliosainiwa tarehe 10 Oktoba 2025.

Uongozi una furaha kukuarifu kwamba muda wako wa majaribio wa miezi mitatu, ulioanza tarehe 13 Oktoba 2025, unakwisha tarehe 12 Januari 2026, na kwamba baada ya kuitathmini kazi yako umethibitishwa katika nafasi ya Mtunza Stoo, kwa masharti ya kudumu, kuanzia tarehe 13 Januari 2026.

Kuanzia tarehe hiyo mshahara wako utakuwa shilingi laki nne na sabini elfu (Sh. 470,000) kwa mwezi kabla ya makato, na muda wa notisi utakuwa ule uliotajwa katika mkataba kwa mfanyakazi aliyethibitishwa.

Utumishi wako utaendelea kuhesabiwa tangu tarehe 13 Oktoba 2025. Masharti mengine yote ya mkataba wako yanabaki kama yalivyo.

Tunakushukuru kwa uangalifu wako katika kupokea na kuhesabu mali, na tunakutakia kazi njema.

Wako katika kazi,
(saini na jina)
Meneja

Nimeipokea na kuielewa barua hii.
Jina: ..................... Saini: ..................... Tarehe: .....................

Nakala: Faili la mfanyakazi; Mhasibu."

Zingatia kwamba barua imeandikwa tarehe 8, kabla majaribio kwisha, na kwa sababu hiyo inasema "unakwisha" na "kuanzia". Baadhi ya waajiri huchelewa hadi Februari halafu wakaandika tarehe ya nyuma juu ya barua ili ionekane haikuchelewa. Usifanye hivyo. Ikiwa umechelewa, weka tarehe ya kweli ya kuandika, na ndani ya barua useme kwamba uthibitisho unahesabiwa kuanzia tarehe 13 Januari. Barua iliyochelewa inasameheka, lakini barua yenye tarehe ya uongo inalitia doa faili zima.

Jambo jengine la kuchunga ni masharti mapya yanayopenyezwa. Nimeona barua za kuthibitisha ambazo katika aya ya tatu ghafla zinasema kwamba mfanyakazi atakubali kuhamishwa tawi lolote, Unguja au Pemba, wakati mkataba ulitaja Chake Chake tu. Mfanyakazi mwenye furaha hutia saini bila ya kusoma, na siku anapoambiwa ahamie Unguja huku ana wazee wa kuwalea Wete, ugomvi huanza. Kama unataka sharti jipya, lizungumzeni kando na kuliandikia hati yake. Barua ya kuthibitisha ithibitishe kilichokubaliwa, basi.

Na neno "kudumu" lenyewe linahitaji kuelezwa. Wapo wanaoliogopa kwa kudhani kwamba mfanyakazi wa kudumu haondoleki, na kwa khofu hiyo humweka mtu katika majaribio yasiyokwisha au humpa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Maana yake ni kwamba ajira haina tarehe ya mwisho iliyopangwa. Inaweza kusitishwa, lakini kwa sababu ya haki, kwa utaratibu na kwa notisi.

Hatua ya tano: mazungumzo

Barua isitumwe kwa simu, wala isiwekwe juu ya meza ya stoo ikamsubiri. Mfanyakazi aitwe, faraghani, na habari aambiwe kwa mdomo kwanza. Mtu aliye katika majaribio akiitwa ofisini moyo wake huenda mbio, na wengi huanza kufikiri watamwambia nini mume au mama nyumbani. Kwa hiyo maamkizi yakamilike kama kawaida yetu, lakini baada yake usimzungushe kwa hadithi za biashara. Sema jambo katika sentensi ya kwanza.

Mazungumzo yenyewe huweza kwenda hivi. Meneja anasema, "Karibu Bi Fulani, kaa. Hujambo? Wazima nyumbani?" Bi Fulani anajibu, "Sijambo, alhamdulillahi, wote wazima." Meneja anaendelea, "Nimekuita kwa kheri. Majaribio yako yanakwisha Jumatatu, na tumeamua kukuthibitisha. Kuanzia Jumanne tarehe 13 wewe ni mfanyakazi wetu wa kudumu." Hapo anyamaze kidogo, amwache mwenzake apumue. Kisha amweleze sababu, na hapa ndipo ile karatasi ya tathmini inapofaa: "Yale mabati matatu uliyoyakamata Novemba, na lile daftari la mali iliyoharibika, vimetufanya tukuamini na stoo nzima. Moja tu nililokwambia mwezi uliopita, kadi ipunguzwe siku ileile." Bi Fulani akijibu, "Nimeshaanza kufanya hivyo, bosi, tangu siku ile," suala hilo limekwisha na halirudiwi.

Mfanyakazi akiwa mkubwa kuliko meneja kwa umri, na katika maduka yetu hilo ni la kawaida, adabu ya kumwamkia isipungue kwa sababu ya cheo. Kijana wa miaka ishirini na minane anayemthibitisha mlinzi wa miaka hamsini na tano huanza na shikamoo, humwita Mzee, na habari njema hiyo huipeleka kwa unyenyekevu. Barua itasema "umethibitishwa", lakini mdomo unaweza kusema, "Mzee wangu, tumeona tuendelee kuwa pamoja nawe."

Baada ya habari, isomeni barua pamoja, aya kwa aya, hata kama mfanyakazi anajua kusoma. Wapo watu wazima waliosoma chuoni na wanaosoma herufi za Kiarabu kwa ufasaha lakini za Kirumi kwa shida, na hawatasema. Ukiisoma kwa sauti kama desturi ya ofisi kwa kila mtu, hakuna anayefedheheka. Msimame kwenye mshahara na tarehe, umuulize kama ndivyo alivyoelewa mkataba, kisha atie saini nakala mbili, moja yake na moja ya faili. Asilazimishwe kutia saini papo hapo. Akitaka kuipeleka nyumbani mumewe au kaka yake aione, mpe mpaka Jumamosi.

Usitangaze habari hii katika kundi la WhatsApp la duka kabla ya yeye mwenyewe kuambiwa. Na kama wapo wawili walioanza siku moja na mmoja hathibitishwi, zungumza na kila mmoja peke yake, katika siku hiyohiyo, ukianza na yule ambaye habari yake ni nzito, ili asije akazisikia kwa mwenzake barazani.

Hatua ya sita: mshahara na kumbukumbu

Kazi haikwishi kwa kupeana mikono. Nakala ya barua ifike kwa mhasibu siku hiyohiyo, kwa sababu mwezi wa Januari una mishahara miwili ndani yake. Siku 12 za mwanzo ni za mshahara wa majaribio: 420,000 mara 12, gawa kwa 31, ni shilingi 162,580.65. Siku 19 zilizobaki ni za mshahara mpya: 470,000 mara 19, gawa kwa 31, ni shilingi 288,064.52. Jumla ya mshahara wa Januari kabla ya makato, senti zikiachwa, ni shilingi 450,645. Mwajiri anaweza kuona ni rahisi zaidi kulipa mshahara mpya kamili wa Januari, na hilo ni hisani yake. Asichoweza kufanya ni kuusogeza mbele hadi Februari kwa kuwa hesabu ni ya usumbufu, ikiwa mkataba umesema kuanzia siku ya kuthibitishwa.

Katika hatua hii kagua pia ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Wapo waajiri wanaomwambia mfanyakazi kwamba "utaingizwa ZSSF ukithibitishwa". Majaribio ni ajira, na mfanyakazi wa majaribio ni mfanyakazi. Ikiwa jina la Bi Fulani halimo katika michango ya Oktoba, Novemba na Disemba, barua ya kuthibitisha haiwezi kulifunika pengo hilo. Wasiliana na Mfuko na ulirekebishe, na makosa yako usimkate yeye kwa mkupuo. Kuanzia Januari mchango wake utahesabiwa kwa mshahara uliopanda, kwa hiyo kiasi kinachokatwa kitaongezeka, na ni vyema umweleze hilo mapema ili asishangae.

Ndani ya faili weka, kwa mpangilio, mkataba, karatasi ya tathmini ya Disemba, na nakala ya barua iliyotiwa saini. Kwenye daftari la wafanyakazi, mbele ya jina lake, futa neno "majaribio" kwa mstari mmoja unaosomeka, uandike "kudumu, 13/1/2026", lakini tarehe ya kuanza kazi, 13/10/2025, usiiguse. Mwisho wa Januari, kabla ya kumkabidhi hati yake ya malipo, iweke kando ya barua na ulinganishe: cheo, tarehe ya kuajiriwa, na ile shilingi 450,645. Vikikubaliana, mpe.